Ratiba ya masomo imekuja kama picha: jinsi ya kuiingiza kwenye kalenda ya simu bila kukosea saa

Walimu na wasimamizi wa kozi wengi hutuma ratiba kwa WhatsApp kama picha ya skrini. Picha hiyo huzama haraka chini ya ujumbe mwingine wa kundi, na siku ya darasa unaitafuta huku muda unakwenda. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuisoma picha hiyo, kuandika kila kipindi kwenye kalenda ya simu, na kuweka ukumbusho utakaolia wakati bado una nafasi ya kufika.

Kuandika kwenye kalenda ni kazi ya dakika chache. Shida iko katika kuisoma saa. Katika makazi yetu watu wanahesabu saa kwa namna zaidi ya moja, na kosa moja linajirudia kila wiki hadi muhula uishe. Kwa kozi zinazohesabu mahudhurio, kosa hilo linaweza kukugharimu nafasi ya kufanya mtihani.

Kwanza, pata picha inayosomeka

Kabla ya kuandika chochote, fungua picha na uikuze kwa vidole viwili. Hakikisha unaona mambo manne: mstari wa juu wenye majina ya siku, safu ya pembeni yenye saa, maelezo madogo ya chini, na tarehe ya kuanza na kumaliza muhula. Picha nyingi za skrini hukatwa juu au chini, na sehemu inayokatwa mara nyingi ndiyo yenye siku au tarehe.

Kama tarakimu hazisomeki vizuri, usibahatishe kama ni 3 au 8. Picha ikipita katika makundi mengi hupungua ubora. Mwombe aliyeituma kwanza akutumie tena kwa njia ya `Document`, si kama picha ya kawaida. Ikitumwa hivyo, inafika jinsi ilivyo.

Baadhi ya simu zinaweza kunakili maandishi kutoka kwenye picha, kwa mfano kupitia Google Lens. Inasaidia kunakili kiungo cha darasa la mtandaoni au jina refu la somo. Lakini ratiba ni jedwali, na maandishi yakishanakiliwa mara nyingi hutoka yamepangwa mstari kwa mstari bila safu zake. Utaona `COMP` mara mbili bila kujua ni ya siku gani. Siku na saa zisome kwa macho yako.

Pili, andika kwenye karatasi kabla ya kugusa kalenda

Chukua karatasi. Kwa kila somo andika: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali, tarehe ya kipindi cha kwanza na tarehe ya kipindi cha mwisho. Kama kisanduku cha somo kimeungana na mistari miwili ya saa, somo linaanza na saa ya mstari wa juu na kuisha na saa ya mstari wa chini.

Kuwa makini na siku. Kwenye ratiba za Kiingereza `Tue` ni Jumanne na `Thu` ni Alhamisi. Kwenye ratiba za Kifaransa `Mar` ni Jumanne, wala si mwezi wa Machi, na `Mer` ni Jumatano. Angalia pia safu ya kwanza: ratiba nyingine huanza na Jumapili, na ukihesabu safu kwa mazoea utateleza siku nzima.

Kuna mtego mwingine wanaoujua waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo. Jumatatu ni siku ya kwanza ya kazi, lakini jina lake lina "tatu" ndani. Kwa Kirundi, "ku wa gatatu" ni Jumatano. Kwa Kiswahili cha Kongo, "siku ya tatu" pia ni Jumatano. Mwalimu akisema kwa mdomo kwamba mnakutana "siku ya tatu", muulize kama anamaanisha Jumatatu au Jumatano, kisha uandike jina kamili.

Tatu, tambua ratiba imeandikwa kwa saa zipi

Kalenda ya simu inajua saa ya kizungu tu, ile inayoanza siku usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu mchana tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwenye simu ni 08:00. Ratiba inaweza kuwa imeandikwa kwa mojawapo ya njia hizi mbili, na tarakimu peke yake haikuambii ni ipi.

Soma safu yote ya saa kutoka juu hadi chini. Ikianza na 8, ikapita 10 na 12 kisha ikarudi kwenye 1 au 2, hiyo ni saa ya kizungu. Ikianza na 2 asubuhi ikapanda 4, 6, 8 hadi 10 bila kurudi nyuma, hiyo ni saa ya Kiswahili. Ukiona `8h30`, umbo hilo ni la Kifaransa, na saa ni ya kizungu. Ukiona neno "saa" mbele ya tarakimu, kama "saa 2:30", uliza kabla ya kuandika, kwa sababu watu hulitumia kwa njia zote mbili.

Kugeuza saa ya Kiswahili kuwa ya simu ni hesabu fupi:

- Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa mbili na nusu asubuhi ni 08:30. Saa nane mchana ni 14:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00.
- Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa moja usiku ni 19:00. Saa tatu usiku ni 21:00.

Kisha fungua mipangilio ya tarehe na saa ya simu yako na uwashe `Use 24-hour format`. Ukifanya hivyo, saa nane mchana itaonekana 14:00 na hutalazimika kuchagua kati ya `AM` na `PM`. Somo la mchana likiwekwa `AM` kwa bahati mbaya, ukumbusho wake utalia usiku wa manane, na mchana simu itakaa kimya.

Mfano: ratiba ya muhula mmoja

Tuseme unaishi Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, na umepokea picha yenye maneno haya:

```
            MON     TUE     WED     THU     FRI
8:30-10:30  ENG L2          ENG L2          ENG L2
2:00-4:00           COMP            COMP
Rm 4 = ENG   Lab B = COMP
Online tutorial: Tue 14:00-15:00 UK time
Term: 7 Sept - 27 Nov 2026
```

Safu ya saa inaanza na 8:30 na baadaye inakuja 2:00. Imerudi nyuma, kwa hiyo ni saa ya kizungu. Kiingereza ni saa mbili na nusu asubuhi, yaani 08:30. Aliyezoea kusoma 8 kama "saa nane" atalifikiria somo la mchana na atafika saa sita baadaye, darasa likiwa tupu. Kompyuta haina `AM` wala `PM`, lakini inakuja baada ya somo la asubuhi, kwa hiyo ni 14:00 hadi 16:00.

Mstari wa `Online tutorial` ndio unaohitaji utulivu. Darasa la mtandaoni ni 14:00, lakini kwa saa za Uingereza. Ukiisoma kama saa ya Uganda, utadhani Jumanne saa nane una masomo mawili kwa wakati mmoja, na huenda ukaacha moja bila sababu.

Uganda, Kenya na Tanzania zina saa moja ile ile mwaka mzima. Uingereza hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Machi husogeza mbele saa moja, na mwishoni mwa Oktoba hurudisha nyuma. Mwaka 2026 wanarudisha Jumapili tarehe 25 Oktoba, katikati ya muhula wetu. Kabla ya tarehe hiyo, sisi tuko mbele yao kwa saa 2. Baada yake, tuko mbele kwa saa 3.

Kwa hiyo tangu Jumanne tarehe 8 Septemba hadi Jumanne tarehe 20 Oktoba, darasa hilo ni 16:00 kwa saa yako, yaani saa kumi jioni. Tangu Jumanne tarehe 27 Oktoba hadi 24 Novemba, ni 17:00, saa kumi na moja jioni. Hakuna atakayekutumia picha mpya, kwa sababu kwao ratiba haikubadilika.

Kutokana na hesabu hii unaona jambo ambalo picha haikulionyesha. Masomo mawili ya Jumanne hayagongani, lakini kwa wiki 7 za mwanzo Kompyuta inaisha saa kumi kamili na darasa la mtandaoni linaanza dakika hiyo hiyo. Huna muda wa kurudi nyumbani. Utahitaji kulifuatilia darasa ukiwa hapo shuleni kwa simu, au kuzungumza na mwalimu wa Kompyuta mapema. Ni vizuri kujua hilo kabla ya tarehe 8 Septemba.

Nne, andika kwenye kalenda

Hatua hizi ni za Google Calendar kwenye simu za Android. Kama simu yako iko kwa Kiswahili au Kifaransa, maneno yatakuwa ya lugha hiyo, lakini utaratibu ni ule ule. Vipindi ni 6 kwa wiki, ila utaandika mara 3 tu, mara moja kwa kila somo.

1. Gusa alama ya `+`, kisha `Event`.
2. Andika jina fupi linaloeleweka, kwa mfano "Kiingereza, chumba 4". Ukumbusho ukilia, jina hilo ndilo utakaloliona.
3. Weka tarehe ya kipindi cha kwanza cha somo hilo. Kwa Kiingereza ni Jumatatu tarehe 7 Septemba. Kwa Kompyuta ni Jumanne tarehe 8, si tarehe ya kufungua muhula.
4. Weka saa ya kuanza na ya kumaliza: 08:30 na 10:30.
5. Gusa `Does not repeat`, kisha `Custom`. Chagua kila wiki, halafu gusa siku za somo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.
6. Kwenye sehemu ya mwisho wa kurudia, chagua tarehe 27 Novemba 2026. Ukiacha `Never`, simu itaendelea kukuita darasani hata baada ya muhula kwisha.
7. Weka ukumbusho kama ilivyoelezwa hapa chini, kisha gusa `Save`.

Kwa darasa la mtandaoni, usigeuze saa kwa mkono. Weka 14:00 hadi 15:00 kama ilivyo kwenye picha, kisha gusa mstari unaoonyesha eneo la saa chini ya muda. Huenda ukahitaji kugusa `More options` ili uuone. Tafuta `London` na uchague. Kalenda itakuonyesha 16:00 mwezi wa Septemba na 17:00 mwezi wa Novemba yenyewe. Ukishahifadhi, nenda tarehe 20 Oktoba, kisha tarehe 27 Oktoba, uone kama saa imebadilika. Ikiwa ni ile ile siku zote mbili, eneo la saa halikuhifadhiwa.

Sikukuu ziondoe mapema. Tarehe 9 Oktoba ni siku ya uhuru wa Uganda, na mwaka 2026 inaangukia Ijumaa. Shule ikithibitisha kwamba haifundishi siku hiyo, fungua kipindi cha tarehe hiyo, kifute, na uchague `This event`. Ukichagua `All events` utafuta Kiingereza chote cha muhula. Ratiba ikibadilika katikati, chagua `This and following events`, ili mabadiliko yaanzie siku hiyo na kuendelea.

Tano, ukumbusho ulie wakati wa kufanya kitu

Google Calendar kwa kawaida huweka ukumbusho wa dakika 30 yenyewe. Kwa mtu anayetembea dakika 45 hadi darasani, ukumbusho huo unamwambia tu kwamba amechelewa. Anza na saa ya darasa, kisha hesabu kurudi nyuma.

Chukua Kiingereza cha 08:30. Ukitembea dakika 45 na kuacha dakika 15 za mvua, matope au kumsubiri mwenzako, unapaswa kutoka nyumbani 07:30. Ongeza dakika 15 za kukusanya vitu, inakuwa 07:15. Hiyo ni dakika 75 kabla ya darasa. Gusa `Add notification`, chagua `Custom`, andika 75 na uchague dakika.

Ukumbusho wa pili uweke saa 12 kabla. Utalia 20:30 usiku wa kuamkia darasa, wakati bado unaweza kutafuta daftari, kuuliza kama darasa lipo, na kupanga nani atabaki na watoto.

Darasa la mtandaoni linahitaji maandalizi ya namna nyingine. Ikiwa unachaji simu kwenye kibanda cha sola, weka ukumbusho wa saa 4 kabla, ili simu ipate moto na ununue bando mapema. Mwezi wa Septemba utalia 12:00, yaani saa sita mchana, kabla ya kuingia Kompyuta. Wa pili uwe dakika 10 kabla, wa kufungua kiungo.

Viwili kwa kila somo vinatosha. Simu inayolia mara tano kwa somo moja utaizoea, na siku yenye mabadiliko ya kweli utaipuuza.

Kumbuka pia kwamba ukumbusho wa kalenda ni mlio mfupi. Unalia hata bila intaneti, mradi tukio limeshahifadhiwa kwenye simu hiyo, lakini hauwezi kulia simu ikiwa imezimika, na simu ikiwa kimya hutausikia. Kama unahitaji kuamshwa, tumia kengele ya saa, ile inayolia hadi uizime.

Ukumbusho umelia wakati usiofaa? Pima tofauti

Kosa la saa mara nyingi hujitambulisha kwa ukubwa wake. Linganisha saa ya kalenda na saa halisi ya darasa:

- Tofauti ya saa 6: umechanganya saa ya Kiswahili na ya kizungu. Fungua tukio, rekebisha saa, chagua `All events`.
- Tofauti ya saa 12: umechanganya `AM` na `PM`.
- Tofauti ya saa 1, na matukio yote yamesogea pamoja: tatizo ni eneo la saa la simu. Burundi, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa 1. Simu uliyokuja nayo inaweza kuwa bado imewekwa kwa saa ya huko, na karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa upande wa pili na kufuata saa yake. Nenda kwenye tarehe na saa, zima kujipanga kwa eneo la saa, kisha chagua Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Matukio uliyoandika wakati eneo lilikuwa si sahihi yakague upya, kwa sababu nayo yatasogea.
- Tofauti ya saa 1 kwa somo moja tu la mtandaoni: huko wanakofundishia wamebadilisha saa, na tukio lako halina eneo lao la saa.
- Tofauti ya siku nzima: rudi kwenye picha uhesabu safu upya.

Kama simu ni ya familia, au ni ya vitufe

Kwenye simu inayotumiwa na watu kadhaa, anza jina la kila somo na jina la mwenye somo: "Mama, Kiingereza". Ukumbusho huonekana hata skrini ikiwa imefungwa, kwa hiyo usiandike hapo namba ya siri ya darasa la mtandaoni wala jambo usilotaka mwingine alisome.

Simu ya vitufe mara nyingi haina kalenda inayojirudia, lakini nyingi zina kengele inayoweza kuwekwa kwa siku maalumu za wiki. Tumia karatasi yako ile ile: kengele ya 07:15 kwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nyingine ya 12:00 kwa Jumanne. Kengele haitajua kwamba saa za London zimebadilika, kwa hiyo andika kwa kalamu, mbele ya tarehe 27 Oktoba: "mtandaoni saa kumi na moja, si saa kumi, sogeza kengele iwe 13:00".

Ukimaliza, kaa na mwanafunzi mwenzako wa darasa lile lile. Mmoja asome kutoka kwenye picha, mwingine asome kutoka kwenye kalenda, wiki ya kwanza yote na wiki ya mwisho yote. Mkitaja saa, semeni kwa njia zote mbili: "saa nane mchana, kumi na nne kamili". Kama kuna kosa, litasikika hapo.